Milango 7, bawaba 21: kulielewa jedwali la milango na madirisha ya nyumba ndogo

Karatasi ilikuwa na mistari mitano tu, imekunjwa mara nne mfukoni: fremu za milango 7, milango 7, bawaba 14, vitasa 7, kioo mita za mraba 9.72. Mwenye nyumba alipita juu ya ramani na kidole, chumba baada ya chumba, akaandika alichokiona. Kidole chake hakikuruka kitu. Hata hivyo, katika mistari ile mitano mmoja tu ulikuwa sahihi, mwingine ulikuwa sahihi kwa bahati, na mitatu iliyobaki ingemrudisha dukani.

Makosa ya aina hii hutokea kila siku, na kwa kawaida fundi humlaumu mwenye nyumba, mwenye nyumba humlaumu muuzaji, na muuzaji hunyamaza kwa sababu yeye ameshauza. Chanzo ni kwamba ramani huonyesha mahali pa kupitia, ilhali dukani na kwa seremala hununui mahali pa kupitia. Unanunua fremu, mbao, bawaba, vitasa na vipande vya kioo, na kila kimoja kina hesabu yake. Karatasi inayotafsiri ramani kuwa vitu hivyo ndiyo jedwali la milango na madirisha. Wengi eneo la ujenzi huliita shedyuli.

Tuichukue nyumba ya karatasi ile ile tuihesabu upya. Ina sebule, jiko, vyumba viwili vya kulala, choo, bafu, na korido inayoviunganisha. Vipimo vyote hapa chini ni vya milimita, isipokuwa nitakapotaja mita za mraba.

Maneno manne kabla ya hesabu

Fremu ni ule mzunguko wa mbao unaoshikana na ukuta: miimo miwili ya kusimama na kipande cha kulala juu yake. Mlango wa nje mara nyingi huongezwa kizingiti chini, na dirisha huwa na pande zote nne. Ubao wa mlango ni sehemu inayofunguka na kufungwa. Kwenye dirisha, sehemu hiyo inayofunguka nitaiita shata. Na mkato ni ile ngazi ndogo iliyochongwa kwenye fremu, ambamo ubao au shata huingia na kutulia inapofungwa.

Neno la nne ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloamua vipimo karibu vyote. Fikiria sufuria yenye ukingo wa ngazi na mfuniko unaokaa ndani ya ngazi hiyo. Mfuniko ni mkubwa kuliko mdomo wa sufuria, la sivyo ungetumbukia. Lakini ni mdogo kuliko sufuria yenyewe kwa nje, la sivyo usingekaa. Mlango ni mfuniko wa namna hiyo.

Mlango mmoja, vipimo vinne

Chukua mlango wa chumba cha kulala. Mwashi anasema ni wa 900, seremala naye anasema ni wa 900, na muuzaji wa milango anauliza: "900 ya wapi?" Anayeuliza swali ndiye mwenye akili hapo.

Tuseme fremu ina upana wa nje wa 900 na urefu wa 2100. Mbao zake zina unene wa 50 zinapotazamwa usoni. Toa 50 kulia na 50 kushoto, inabaki njia ya kupita ya 800. Mkato umeingia 12 kila upande, kwa hiyo nafasi ya ubao kulala ni 824. Ubao haupaswi kubana, basi tunaacha upenyo wa 3 kila upande, na ubao unakuwa 818. Ukuta nao lazima uwe mpana kidogo kuliko fremu ili fremu iingie na kunyooshwa kwa vipande vya kabari. Ukiacha 10 kila upande, uwazi wa ukuta unakuwa 920.

Mlango mmoja una namba nne: 800 ya kupita, 818 ya ubao, 900 ya fremu, 920 ya ukuta. Kwa urefu, fremu ya 2100 hupoteza 50 ya kipande cha juu, hurudishiwa 12 ya mkato, kisha huachiwa 3 juu na 8 chini juu ya sakafu iliyokwisha kumaliziwa. Ubao unatoka na urefu wa 2051. Zingatia maneno "iliyokwisha kumaliziwa". Fremu ikisimamishwa juu ya zege tupu, kisha vigae na udongo wake vikaja na unene wa 30, ile 8 imemezwa na ubao utakatwa chini. Ubao mwepesi wenye uwazi ndani una kipande kifupi tu cha mti mzima pale chini. Kata zaidi ya hapo na utaona karatasi za ndani.

Ndiyo maana jedwali zuri huandika wazi kipimo chake ni cha nini. Mimi hupendelea kuandika fremu kwa nje, kwa sababu ndicho kitu kimoja ambacho mwashi na seremala wote wanaweza kukipima kwa futi kamba bila kubishana. Lakini kama mbao za milango zinanunuliwa zikiwa tayari kutoka kiwandani, hesabu hugeuka. Unaanza na ubao uliopo, mathalani wa 813 kwa 2032, unarudi nyuma hadi kwenye fremu, na kutoka kwenye fremu hadi kwenye ukuta. Anayejenga ukuta kwanza na kutafuta mlango baadaye hukuta tofauti ya milimita tano ambayo randa inaweza kuimaliza, au ya milimita arobaini ambayo haina dawa.

Kwa nini 7 na 7 ni bahati

Sasa tuipange milango kwa alama. Kanuni ya alama ni nyepesi: vitu viwili vipewe alama moja ikiwa tu unaweza kuvibadilishana bila mtu kutambua. Mlango wa jikoni unaotoka nje na mlango wa chumbani vyote vina fremu ya 900 kwa 2100, lakini mmoja ni wa mbao ngumu wenye kitasa cha nje na mwingine ni mwepesi. Havibadilishani, kwa hiyo havishiriki alama.

| Alama | Mahali | Fremu | Mbao za milango | Bawaba | Vitasa |
|---|---|---|---|---|---|
| M1 | Mbele, 1200 × 2100 | 1 | 2 | 6 | 1 |
| M2 | Jikoni nje, 900 × 2100 | 1 | 1 | 3 | 1 |
| M3 | Vyumba vya kulala, 900 × 2100 | 2 | 2 | 6 | 2 |
| M4 | Choo na bafu, 800 × 2100 | 2 | 2 | 6 | 2 |
| M5 | Sebule kwenda korido, 900 × 2100 | 1 | 0 | 0 | 0 |
| | Jumla | 7 | 7 | 21 | 6 |

Fremu 7, mbao 7. Mwenye nyumba angeweza kusema, "Si nilisema?" Lakini tazama zilivyofikia saba. M1 una mbao mbili ndani ya fremu moja: mpana wa kutumika kila siku, na mwembamba unaofunguliwa siku ya kuingiza kitanda. M5 una fremu isiyo na ubao kabisa. Ni njia ya kupita iliyopambwa kwa mbao. Moja ilizidi, moja ilipungua, hesabu ikajificha. Nyumba ya jirani yenye ramani inayofanana lakini isiyo na M5 ingekuwa na fremu 6 na mbao 7, na mtu aliyezoea kuamini kwamba mlango ni mlango angenunua pungufu.

Bawaba: imani ya mbili mbili

Mstari wa bawaba 14 ulitoka kwenye imani ya zamani kwamba mlango una bawaba mbili, moja juu na moja chini. Dirisha dogo linatosheka na mbili. Ubao wa zaidi ya mita mbili kwa urefu unahitaji tatu, na sababu inafaa kueleweka maana ndiyo itakayokuonyesha mahali pa kuiweka ya tatu.

Ubao ukiwa wazi, uzito wake unaning'inia nje ya mstari wa bawaba. Unataka kuanguka mbele, na kwa kufanya hivyo unaivuta bawaba ya juu itoke kwenye mwimo huku ukiisukuma ya chini iingie ndani. Chukua ubao wetu wa 818 na tuseme una uzito wa kilo 40. Kitovu cha uzito kiko katikati, yaani 409 kutoka kwenye bawaba. Bawaba ya juu ikiwa 150 kutoka juu na ya chini 225 kutoka chini, baina yao kuna karibu 1680. Zidisha 40 kwa 409, gawanya kwa 1680: bawaba ya juu inavutwa kwa nguvu sawa na ya kilo 10 hivi, kila saa mlango unapokuwa wazi, kando ya uzito inaoubeba kwenda chini. Skrubu fupi kwenye mti laini hulegea taratibu, na mlango huanza kusugua sakafu upande wa kitasa. Ukiona alama ya nusu duara sakafuni, tazama bawaba ya juu kabla hujachukua randa.

Watu huamini bawaba ya katikati inagawana mzigo sawa na wenzake. Kazi yake kubwa pale katikati ni kuuzuia ubao usipinde kwa unyevu na joto, ili ukingo wake ubaki sambamba na mwimo. Kama shida yako ni uzito, kwa mfano mlango mzito wa mbele, bawaba ya tatu husogezwa juu karibu na ile ya kwanza, ambako mvuto uko. Uamuzi huo uandikwe kwenye jedwali, la sivyo fundi ataiweka katikati kwa mazoea.

Ubao ule mwembamba wa M1 nao unapewa tatu ingawa ni mwepesi, kwa sababu urefu wake ni ule ule na utapinda vile vile. Ndipo tunapata mbao 7 mara 3, bawaba 21. Bawaba mara nyingi huuzwa kwa jozi, na 21 ni jozi 10 na nusu. Hakuna anayeuza nusu. Andika jozi 11, na ujue moja itabaki. Tutairudia hiyo moja mwishoni.

Na skrubu? Bawaba ya 100 yenye matundu 8 inakula skrubu 8, kwa hiyo 168 kwa milango peke yake. Zisipoandikwa, fundi atatumia zile fupi zilizokuja kwenye pakiti, kisha tunarudi kwenye ile nusu duara sakafuni.

Vitasa 6 visivyofanana

Mbao ni 7 lakini vitasa ni 6, kwa kuwa mlango wa mbao mbili una kitasa kimoja. Kitasa kinakaa kwenye ubao mpana na ulimi wake unaingia kwenye ule mwembamba. Basi ule mwembamba lazima uwe umesimama imara, la sivyo mlango mzima unafunguka kwa kusukumwa begani. Kinachousimamisha ni makomeo mawili: moja linaingia kwenye fremu juu, jingine sakafuni. Kwenye karatasi ya mistari mitano hapakuwa na komeo hata moja. Katika makosa yake yote, hilo ningelihesabu la kwanza.

Vitasa vyenyewe ni aina tatu. M1 na M2 vinahitaji vitasa vya nje, vyenye silinda au levya nyingi. M3 vinatosheka na kitasa cha kawaida cha ufunguo. M4 vinahitaji kitasa cha bafu, ambacho ndani kina kipini cha kuzungusha na nje kina mfereji mdogo unaoweza kuzungushwa kwa sarafu. Ukiweka kitasa cha chumbani kwenye choo, siku mtoto atakapojifungia na kuutoa ufunguo, njia iliyobaki ni kuvunja.

Kuna suala la mkono, na hapa ndipo nilipowahi kuaibika. Niliagiza vitasa vyote vya nyumba moja bila kutaja kulia wala kushoto, nikidhani ulimi unageuzwa tu. Baadhi ya vitasa ulimi wake hugeuzwa kwa kuvuta na kuuzungusha, vingine havigeuki. Vyangu vilikuwa vya kutogeuka, na nusu yake vilitazama upande usio wake: ukisukuma mlango ufunge, ulimi unagonga bapa badala ya kuteleza.

Njia moja ya kutambua mkono ni hii: simama upande ambao mlango unafunguka kuja kwako. Bawaba zikiwa kushoto kwako, mlango ni wa kushoto. Zikiwa kulia, ni wa kulia. Lakini jihadhari, kwa sababu nchi na viwanda havikubaliani. Wengine husimama upande wa nje wa chumba daima, na jibu linaweza kugeuka. Kwa hiyo usiandike neno peke yake. Chora kale karobo duara kama kwenye ramani, kanakoonyesha bawaba ziko wapi na mlango unaelekea wapi. Mchoro hauna lugha. Mkono unahusu pia bawaba za kuchomoa, zile ambazo ubao huinuliwa na kutolewa bila kufungua skrubu. Za kulia hazifanyi kazi kushoto. Bawaba za kawaida za pini ya kudumu hazina shida hiyo.

Madirisha: kioo si uwazi

Sasa ule mstari wa 9.72. Ulipatikana hivi: kila dirisha upana mara urefu, ukajumlisha. Hesabu yenyewe ni safi. Ila hiyo ni eneo la matundu ya fremu kwa nje, na hakuna dirisha ambalo kioo chake kinajaza fremu hadi nje. Mbao nazo zinachukua nafasi, na katika dirisha la shata mbao zipo tabaka mbili: za fremu na za shata. Ni mfuniko ndani ya mfuniko.

Tulifuate dirisha la chumba cha kulala, D2, la 1200 kwa 1200, lenye shata mbili na nguzo katikati. Mbao zote zina uso wa 50. Toa fremu pande zote, inabaki 1100 kwa 1100. Toa nguzo ya katikati, kila upande unapata 525 kwa 1100. Shata huingia kwenye mkato wa 12 na kuachiwa upenyo wa 3, kwa hiyo inakuwa 543 kwa 1118. Mbao za shata zinakula 50 kila upande, na unachoweza kuona nje kupitia kioo ni 443 kwa 1018. Kioo chenyewe hujificha ndani ya mkato wa shata wa 10 kila upande, lakini kinaachiwa 2 kila ukingo. Kipande cha kukata ni 459 kwa 1034.

Hiyo ni mita za mraba 0.475 kwa kipande, au 0.95 kwa dirisha lenye uwazi wa 1.44. Theluthi moja imekwenda kwenye mbao. Na kadiri dirisha linavyokuwa dogo, ndivyo mbao zinavyokula sehemu kubwa zaidi. Kidirisha cha choo cha 600 kwa 600 kinabakiwa na kioo cha 434 kwa 434, ambacho ni zaidi kidogo tu ya nusu ya uwazi wake. Kwa hiyo usikubali ule mkato wa maneno wa "toa asilimia fulani kwenye kila dirisha". Asilimia ya sebuleni si ya chooni.

Zile 2 za kuacha ukingoni zina wapinzani wengi. Utasikia kwamba kioo kikatwe kikubane, kisicheze. Mti hunywa unyevu ukavimba na kurudi ukikauka. Kioo hakinywi chochote. Kikibanwa ukingo kwa ukingo, siku ya mvua ndefu shata itakiminya na kitapasuka bila kuguswa. Utautambua ufa huo kwa kuwa huanzia ukingoni au pembeni ukaingia ndani, wala hauna kitovu chenye nyota kama cha jiwe. Kinachozuia kioo kucheza ni puti, au vijiti vya kubana na gundi laini. Ukubwa wa kipande hauhusiki.

| Alama | Mahali na fremu | Idadi | Shata | Vipande vya kioo | Kioo (m²) |
|---|---|---|---|---|---|
| D1 | Sebule, 1500 × 1200 | 2 | 4 | 4 vya 334 × 1034. 2 vya 520 × 1120 | 2.55 |
| D2 | Vyumba vya kulala, 1200 × 1200 | 3 | 6 | 6 vya 459 × 1034 | 2.85 |
| D3 | Jiko, 1200 × 900 | 1 | 2 | 2 vya 459 × 734 | 0.67 |
| D4 | Choo na bafu, 600 × 600 | 2 | 2 | 2 vya 434 × 434 | 0.38 |
| | Jumla | 8 | 14 | 16 | 6.44 |

(Safu ya mwisho imekadiriwa mstari kwa mstari, kwa hiyo ukijumlisha mwenyewe unaweza kuzidi kwa 0.01.)

D1 lina jambo la kutazamwa. Lina sehemu tatu, shata mbili za pembeni na kioo cha katikati kilichowekwa moja kwa moja kwenye fremu, kisichofunguka. Ndiyo sababu vipande ni 16 lakini shata ni 14. Bawaba za dirisha, mikono ya kulishikilia lisipigwe na upepo, na vishikizo vya kufungia huhesabiwa kwa shata, si kwa kioo wala kwa dirisha. Bawaba 2 kwa kila shata ni 28, za 75, jozi 14 kamili. Zisichanganywe na zile 21 za milango kwenye mstari mmoja wa "bawaba 49". Muuzaji atakupa 49 za kipimo kimoja, na bawaba ya 100 kwenye shata ni kama buti la mtu mzima mguuni mwa mtoto.

Kioo hicho cha katikati kinatuonyesha pia kwamba dirisha moja lina maeneo matatu yasiyolingana. D1 lina uwazi wa mita za mraba 1.80. Kioo chake ni 1.27, ndicho kinacholeta mwanga. Lakini hewa inapita kwenye njia mbili za 400 kwa 1100 tu, yaani 0.88 shata zikiwa zimefunguliwa kabisa. Anayelalamika kwamba sebule ina madirisha makubwa na bado ina joto mara nyingi amehesabu la kwanza akitarajia la tatu. Dirisha la kuteleza la sehemu mbili nalo humpa nusu tu, kwa maana upande mmoja husimama nyuma ya mwenzake.

Kutoka mita za mraba hadi shiti

Hata 6.44 si jibu la mwisho. Kwanza igawe: 0.38 ya chooni na bafuni ni kioo kisichoonyesha ndani, na 6.07 ni kioo angavu. Pili, kioo hukatwa kutoka kwenye shiti. Tuseme shiti zilizopo ni za 2440 kwa 1830, yaani mita za mraba 4.47 kila moja.

Mtu mwenye ile karatasi ya kwanza angesema uwazi wa madirisha ya kioo angavu ni 9.00, agawanye kwa 4.47, apate mbili na chembe, anunue shiti 3. Kwa eneo halisi tunapata 1.36, yaani shiti 2. Lakini kugawanya hakutoshi, kwa sababu vipande havimiminiki kama maji vikajaza pembe zote. Lazima vipangwe.

Kwenye shiti ya kwanza weka vipande vitano vya 459 kwa 1034 bega kwa bega. Vinachukua 2295 katika 2440. Chini yao umebaki ukanda wa 796. Hapo vinaingia viwili vya jikoni vya 459 kwa 734, na kando yao viwili vya 334 kwa 1034 vikilazwa, kimoja juu ya kingine. Shiti ya pili inapokea vile vikubwa viwili vya 520 kwa 1120, kile kimoja kilichobaki cha 459, na viwili vya mwisho vya 334. Jumla ya upana wao ni 2167, vinatosha kwenye safu moja. Vipande vyote 14 vimetoka kwenye shiti 2, na mabaki ni mita za mraba 2.86, karibu theluthi ya kilichonunuliwa. Nyingi kati ya hizo ni ukanda mmoja wa chini wa shiti ya pili, mpana wa kutosha kukata tena kipande kitakachovunjika njiani. Kwa hiyo usiruhusu ubaki kwa mkata kioo.

Tahadhari moja ifuatane na hesabu hii. Kioo kilichokazwa kwa moto, kinachotumika milangoni na mahali pa chini ambapo mtu anaweza kukiangukia, hakikatwi tena baada ya kukazwa. Ukijaribu kinamiminika vipande vidogo vidogo. Kipimo chake hutolewa mara moja, na hutolewa kwenye shata iliyokwisha kutengenezwa. Kwa kweli hata kioo cha kawaida kipimwe hapo. Vipimo vya jedwali ni vya kununulia shiti. Vya kukatia vipatikane kwa kupima kila shata juu, katikati na chini, na kushika kile kidogo kuliko vyote. Pima pia kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Mistari hiyo miwili isipolingana, shata imekaa mshazari, na kipande cha mraba kitagoma kuingia pembe moja hata kama upana ni sahihi.

Wakibadili mawazo kuhusu M5

Mabadiliko ambayo nyumba hii inaweza kuombwa kwa urahisi zaidi ni mlango wa korido. Familia ikishahamia, mtu atasema kelele za sebuleni zinaingia vyumbani, na ile njia wazi ya M5 iwekewe ubao. Kwenye jedwali fremu inabaki 7, mbao zinakuwa 8, vitasa 7, bawaba 24. Zile jozi 11 zilikuwa na bawaba moja ya ziada, kwa hiyo inanunuliwa jozi moja tu, na safari hii hakuna inayobaki. Ila kabla ya hapo, pitisha kidole ndani ya mwimo wa M5. Fundi aliyeambiwa ni njia ya kupita huenda hakuchonga mkato. Basi ubao hautakuwa na pa kugota, itabidi vijiti vipigiliwe pande tatu za ndani, na upana wa ubao hautakuwa 818 tena. Njia ni 800, toa 3 na 3: agiza wa 794.